Bei au Kiasi? Kodi ya Kaboni, Vibali Vinavyouzwa na Mashaka ya Gharama katika Historia ya Sera ya Ulaya, 1992–2023

1. Utangulizi

Katika fasihi ya uchumi wa mazingira, kodi ya kaboni na vibali vinavyouzwa huelezwa kuwa njia mbili za kufikia lengo moja. Katika kodi, serikali hutaja bei ya kila tani ya hewa ya ukaa na kuacha soko liamue kiasi kitakachotolewa. Katika vibali, serikali hutaja kiasi na kuacha soko liamue bei. Kama serikali ingejua kwa hakika gharama ya viwanda ya kupunguza uchafuzi, uchaguzi kati ya njia hizi ungekuwa suala la utawala tu. Tatizo ni kwamba serikali haijui, na tofauti ya kweli kati ya kodi na vibali huanzia hapo.

Insha hii inachunguza jinsi tatizo hilo lilivyojitokeza Ulaya kati ya mwaka 1992, Tume ya Ulaya ilipopendekeza kodi, na mwaka 2023, bei ya kibali ilipogusa yuro 100 kwa mara ya kwanza. Hoja yangu ni kwamba Ulaya haikuchagua vibali kwa sababu ya ubora wake wa kiuchumi, bali kwa sababu ya kanuni ya upigaji kura. Aidha, sehemu kubwa ya marekebisho yaliyofuata yalikuwa jitihada za kurudisha, kwa njia ya mzunguko, ule uthabiti wa bei ambao kodi ingeutoa tangu mwanzo. Hata hivyo, historia hiyo haiipi kodi ushindi usio na masharti, kama mfano wa Uswidi utakavyoonesha.

2. Pale gharama zinapojulikana: usawa wa njia mbili

Wazo la kutoza kodi kwa madhara yanayowaangukia watu wengine huhusishwa na Pigou (1920). Wazo la kugawa haki za kuchafua na kuruhusu ziuzwe lilijengwa na Crocker (1966) na Dales (1968), na Montgomery (1972) akalipa uthibitisho wa kihisabati. Mawazo hayo mawili yanakutana katika kanuni moja ya ufanisi: lengo hufikiwa kwa gharama ndogo kabisa pale gharama ya kupunguza tani ya mwisho inapolingana katika viwanda vyote.

Tuchukue mfano wa kubuni wa viwanda viwili vinavyotakiwa kupunguza jumla ya tani 80,000. Katika kiwanda cha kwanza, gharama ya tani ya nyongeza hupanda kwa yuro 1 kwa kila tani 1,000 zilizopunguzwa. Katika cha pili hupanda kwa yuro 3. Serikali ikiamuru kila kiwanda kipunguze tani 40,000, cha kwanza kitatumia yuro 800,000 na cha pili yuro 2,400,000, yaani jumla yuro 3,200,000. Serikali ikitoza kodi ya yuro 60 kwa tani, cha kwanza kitapunguza tani 60,000 na cha pili tani 20,000. Lengo ni lilelile, lakini gharama imeshuka hadi yuro 2,400,000, sawa na upungufu wa robo nzima.

Vibali vikitolewa kwa idadi inayoacha pengo la tani 80,000, viwanda vitauziana mpaka bei itulie kwenye yuro 60, na matokeo yatakuwa yaleyale. Kwa hiyo, kwa kigezo cha ufanisi peke yake, na pale gharama zinapojulikana, hakuna sababu ya kupendelea njia moja. Wanaodai kwamba soko la vibali lina ufanisi kuliko kodi kwa sababu tu ni soko wamesahau kwamba kodi nayo huacha uamuzi wa nani apunguze na kwa kiasi gani mikononi mwa viwanda vyenyewe.

3. Pale gharama zisipojulikana: hoja ya Weitzman

Mwaka 1974 Martin Weitzman alichapisha makala yaliyobadilisha swali hili. Aliuliza: ikiwa serikali inalazimika kutangaza kodi au idadi ya vibali kabla ya kujua gharama halisi, na haiwezi kubadilisha uamuzi baadaye, ni njia ipi itakayoleta hasara ndogo pale makadirio yatakapokosewa?

Jibu lake linategemea miteremko ya mistari miwili. Mmoja ni mstari wa gharama ya tani ya nyongeza, na mteremko wake tuuite c. Wa pili ni mstari wa manufaa ya tani ya nyongeza inayopunguzwa, na mteremko wake, bila kujali ishara, tuuite b. Ikiwa σ² ni kipimo cha mtawanyiko wa mashaka ya gharama, faida ya kodi juu ya vibali ni:

```
Δ = σ²(c − b) / 2c²
```

Jibu likiwa juu ya sifuri, kodi ni bora. Likiwa chini, vibali ni bora. Maana yake inaonekana wazi zaidi kwa mfano. Tuseme gharama ya tani ya nyongeza, kwa yuro, ni idadi ya mamilioni ya tani zilizopunguzwa, ikiongezwa au kupunguzwa 20 kwa uwezekano ulio sawa. Tuseme pia kwamba manufaa ya kila tani ni yuro 60 daima, hata zikipunguzwa tani ngapi. Serikali inayotumia wastani itachagua kodi ya yuro 60 au vibali vinavyolazimisha upunguzaji wa tani milioni 60.

Ikitokea gharama ziko juu kwa 20, kiasi bora ni tani milioni 40. Viwanda vinavyotozwa kodi vitafika hapo hapo, kwa kuwa bei yao inalingana na manufaa. Vibali vitavilazimisha kupunguza tani milioni 60, na tani ya mwisho itagharimu yuro 80 ili kuleta manufaa ya yuro 60. Hasara ya jamii ni eneo la pembetatu: tani milioni 20 mara yuro 20, ikigawanywa kwa mbili, yaani yuro milioni 200. Gharama zikiwa chini kwa 20, hasara ya vibali ni hiyohiyo, safari hii kwa sababu ya tani nafuu ambazo hazikupunguzwa.

Sasa tubadilishe manufaa. Tuseme yanashuka kwa kasi, kwa yuro 3 kwa kila tani milioni moja, huku yakibaki yuro 60 pale tani milioni 60 zinapopunguzwa. Gharama zikipanda kwa 20, kiasi bora ni tani milioni 55. Vibali vinakikosa kwa tani milioni 5 tu, na hasara ni yuro milioni 50. Kodi inakikosa kwa tani milioni 15, kwa sababu viwanda vinaishia kupunguza milioni 40 ilhali tani ya nyongeza ingeleta manufaa ya yuro 120. Hasara yake ni yuro milioni 450. Tofauti ya milioni 400 ndiyo inayotolewa na fomula hapo juu.

Hewa ya ukaa iko upande gani? Jibu la wanauchumi wengi, wakiwamo Pizer (2002) na Newell na Pizer (2003), ni upande wa kwanza. Madhara ya hewa hii hayatokani na kile kinachotolewa mwaka mmoja, bali na limbikizo la miongo mingi angani. Tani zinazotolewa na eneo moja kwa mwaka ni sehemu ndogo mno ya limbikizo hilo, hivyo manufaa ya kupunguza tani ya kwanza na tani ya mwisho katika mwaka huo yanakaribia kulingana. Mstari wa manufaa ni tambarare, ilhali wa gharama una mwinuko. Kwa kigezo hiki, bei thabiti ina nguvu zaidi. Mpaka wa hoja ni kwamba inahusu kipindi kifupi. Ikiwa limbikizo linakaribia kizingiti ambacho kikivukwa madhara huongezeka ghafla, mstari wa manufaa hauwezi tena kuchukuliwa kuwa tambarare.

4. Kutoka kodi hadi vibali, 1992–2003

Ulaya ilianza na pendekezo lililokaribiana na mantiki hiyo. Mwaka 1992 Tume ilipendekeza kodi ya pamoja ya kaboni na nishati, ianze kwa kiwango cha dola 3 kwa pipa la mafuta mwaka 1993 na kupanda hadi dola 10 mwaka 2000. Nusu ya mzigo ingepimwa kwa kaboni na nusu kwa nishati. Utekelezaji ulifungwa na sharti kwamba washindani wakubwa wa kibiashara, Marekani na Japani, nao wachukue hatua za aina hiyo. Kamishna wa mazingira, Carlo Ripa di Meana, alikataa kuhudhuria mkutano wa Rio wa mwaka huo kwa kuona kwamba Ulaya ilikuwa inakwenda mikono mitupu.

Kilichoua pendekezo hilo hakikuwa hoja ya kiuchumi dhidi ya kodi. Chini ya mikataba ya Ulaya, hatua zenye sura ya kodi zilihitaji kauli moja ya nchi wanachama, na Uingereza ilikuwa mstari wa mbele kupinga Brussels kupewa mamlaka ya kodi. Kura moja ilitosha. Hatua za mazingira zisizo za kodi ziliweza kupita kwa wingi maalumu wa kura. Soko la vibali lilihesabiwa katika kundi hilo la pili, ingawa mzigo wake kwa kiwanda ungeweza kuwa sawa na wa kodi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika mazungumzo ya Kyoto mwaka 1997, Marekani ndiyo iliyoshinikiza biashara ya vibali, na Ulaya ndiyo iliyokuwa na shaka. Miaka mitatu baadaye Tume ilitoa waraka wa mashauriano kuhusu biashara hiyo, na Oktoba 2003 maelekezo ya kisheria yakapitishwa. Soko lilifunguliwa tarehe 1 Januari 2005, likihusisha zaidi ya mitambo 10,000 ya umeme, chuma, saruji, kioo, karatasi na usafishaji mafuta. Mtafiti akiliangalia tukio hili kwa jicho la Weitzman, ataona kwamba swali la miteremko halikuamua chochote. Kanuni ya kura ndiyo iliyoamua.

5. Mashaka yanapodhihirika: anguko la 2006 na lile la baada ya 2008

Awamu ya kwanza, 2005–2007, ilikuwa ya majaribio. Kila nchi ilipanga mgawo wake, na karibu vibali vyote vilitolewa bure. Hakukuwa na takwimu zilizohakikiwa za utoaji wa kila mtambo. Makadirio yalitegemea taarifa za viwanda vyenyewe, ambavyo vilikuwa na kila sababu ya kutaja mahitaji makubwa. Bei ilipanda hadi karibu yuro 30 mwezi Aprili 2006. Mwishoni mwa mwezi huo Uholanzi, Ucheki na nchi nyingine zilianza kutoa takwimu za mwaka 2005, na ikabainika kwamba mitambo ilikuwa imetoa hewa pungufu ya vibali vilivyogawiwa. Kwa soko zima ziada ilikuwa takribani asilimia 4. Bei ilishuka kwa nusu ndani ya siku chache. Kwa kuwa vibali vya awamu hiyo havikuweza kuhamishiwa awamu ya pili, mwishoni mwa 2007 kibali kilikuwa kinauzwa kwa senti.

Asilimia 4 inaonekana kuwa kosa dogo. Lakini katika mfumo wa kiasi, bei haiamuliwi na jumla ya vibali, bali na tani za pembeni kabisa, zile zinazotenganisha upungufu na ziada. Kosa dogo la kiasi huwa kosa kubwa la bei. Kodi ingetenda kinyume: makadirio yaleyale mabovu yangeleta kiasi kilichotofautiana kidogo na matarajio, huku kila mtambo ukiendelea kuona bei ileile kila asubuhi.

Awamu ya pili iliruhusu vibali kuwekwa akiba, na kinadharia hilo lilipaswa kuzuia anguko jingine, kwa kuwa ziada ya leo ina thamani kesho. Bei ilikaribia yuro 30 katikati ya 2008. Kisha mdororo wa uchumi ukapunguza uzalishaji wa chuma, saruji na umeme, na mapema 2009 bei ikawa karibu yuro 8. Kufikia 2013 ziada iliyolimbikizwa ilikuwa takribani vibali bilioni 2, kiasi kinachokaribia utoaji wa mwaka mzima wa mitambo yote. Aprili 2013, Bunge la Ulaya lilipokataa mara ya kwanza pendekezo la kuchelewesha minada, bei ilishuka chini ya yuro 3.

Matukio haya mawili hayafanani, na mtafiti anapaswa kuyatenganisha. La 2006 lilitokana na mgawo uliopangwa bila takwimu. Dalili yake ni ziada iliyokuwapo tangu mwaka wa kwanza, kabla ya mabadiliko yoyote makubwa ya uchumi. La 2009 lilitokana na mshtuko wa kweli; dalili yake ni utoaji ulioshuka sambamba na uzalishaji wa viwanda. Watetezi wa vibali hudai kwamba anguko la pili lilikuwa na faida, kwa kuwa viwanda vilipunguziwa mzigo katika kipindi kigumu. Dai hilo lina ukweli, lakini linagusa mzunguko wa biashara, si uwekezaji. Mtambo wa makaa ya mawe hujengwa kwa matarajio ya miaka 40. Mwekezaji anayeona bei ikitoka yuro 30 hadi 3 ndani ya miaka mitano hawezi kuitumia katika hesabu zake, hata kama wastani wake ni wa kuridhisha.

6. Uswidi: uthabiti wa bei na udhaifu wake

Uswidi ilianzisha kodi ya kaboni mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Ufini, kwa kiwango cha kroni 250 kwa tani, ikiambatana na kupunguzwa kwa kodi ya mapato. Kiwango cha jumla kilivuka kroni 900 mwaka 2004 na kroni 1,100 mwaka 2018. Katika kipindi ambacho kibali cha Ulaya kilipanda na kuanguka mara mbili, kaya na makampuni ya Uswidi yaliona bei iliyopanda kwa hatua zilizotangazwa mapema. Mifumo ya kupasha joto nyumba iliondoka kwenye mafuta na kuhamia kwenye kuni za viwandani na umeme.

Hata hivyo, kodi hiyo haikuwa moja. Mwaka 1993 kiwango cha jumla kilipandishwa hadi kroni 320, lakini viwanda vya uzalishaji vikapewa kiwango cha robo yake, kroni 80, kwa hofu ya ushindani wa nje. Pengo hilo lilichukua robo karne kuzibwa. Tukirejea kanuni ya sehemu ya pili, hapo ufanisi ulivunjika: mwenye nyumba alilipa mara nne ya kiwanda kwa tani ileile, na tani nafuu za viwandani ziliachwa bila kuguswa.

Kwa upande huu vibali vilikuwa na sifa ambayo nadharia ya Weitzman haiigusi. Kiwanda kilichopewa vibali bure bado kinaona bei kamili, kwa sababu kila tani kinayopunguza kinaweza kuiuza. Hofu ya ushindani ilitulizwa kwa kugawa mali, bila kuharibu bei ya tani ya nyongeza. Gharama yake iliangukia haki: makampuni ya umeme yaliingiza thamani ya vibali vya bure katika bei za wateja na kujipatia faida wasiyoitolea jasho. Kwa hiyo, kodi hupoteza ufanisi kwa misamaha, na vibali hupoteza haki kwa migao. Ulinganisho unaoweka kodi safi ya kitabuni kando ya vibali vya Ulaya vyenye mikwaruzo yake haujatenda haki.

7. Kurudi kwa bei kupitia mlango wa nyuma

Roberts na Spence (1976) walikwisha kuonesha kwamba mchanganyiko wa bei na kiasi unaweza kuzidi kila kimoja kikiwa peke yake: vibali viwe na bei ya chini kabisa isiyovukwa na bei ya juu ambayo serikali itauzia vibali vya ziada. Ulaya iliufikia mchanganyiko huo kwa vipande.

Uingereza ilikuwa ya kwanza kuweka sakafu yake. Kuanzia Aprili 2013 mitambo yake ya umeme ililipa kodi juu ya kibali, na tangu 2016 nyongeza hiyo ilikuwa pauni 18 kwa tani. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalitoa takribani asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo. Mwaka 2018 yalitoa karibu asilimia 5. Sera nyingine na bei ya gesi nazo zilichangia, lakini tukio hili linaonesha nguvu ya bei ambayo mwekezaji anaweza kuitegemea. Linaonesha pia mpaka wake: kwa kuwa jumla ya vibali vya Ulaya haikubadilika, kila kibali ambacho Uingereza haikukitumia kiliweza kutumika kwingine.

Umoja wa Ulaya wenyewe uliahirisha minada ya vibali milioni 900 kati ya 2014 na 2016, kisha Januari 2019 ukaanzisha Akiba ya Uthabiti wa Soko. Ziada ikivuka vibali milioni 833, sehemu yake, ambayo ilikuwa asilimia 24 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo, huondolewa kwenye minada. Ikishuka chini ya milioni 400, vibali hurudishwa. Kikomo kilichokuwa kigumu kikawa kinajibu hali ya soko. Bei ilivuka yuro 80 mwishoni mwa 2021 na kugusa yuro 100 Februari 2023. Lakini akiba hii hupima idadi ya vibali, si bei. Inakisia bei kupitia kiasi, na kwa hiyo haimhakikishii mwekezaji kiwango chochote.

8. Hitimisho

Ushahidi wa Ulaya unaunga mkono kiini cha hoja ya Weitzman: kwa uchafuzi unaolimbikizwa, kosa katika kukadiria gharama huleta madhara makubwa zaidi pale kiasi kinapofungwa kuliko pale bei inapofungwa. Ulaya ilitumia karibu miaka 14 na marekebisho mawili makubwa ili kuondoka kwenye bei isiyotegemeka. Lakini Uswidi inatukumbusha kwamba bei thabiti inayotozwa kwa viwango vinne tofauti kwa tani ileile, au hata viwili, imekwisha kutoa kafara ufanisi uliokuwa sababu ya kuichagua.

Suala hili halijabaki la Ulaya peke yake. Mfumo wa Ulaya wa kurekebisha kaboni mipakani, ulioanza kwa kipindi cha mpito Oktoba 2023, unahusisha chuma, alumini, saruji, mbolea, umeme na haidrojeni. Gharama yake inafuata bei ya vibali vya Ulaya, na unaruhusu kupunguza kiasi cha bei ya kaboni kilicholipwa kwenye nchi ya asili. Mzalishaji wa alumini nchini Msumbiji kwa hiyo anarithi mashaka ya soko ambalo hakulibuni, na nchi yake inakabiliwa na swali lilelile la mwaka 1992 kwa sura mpya. Ikijiwekea kodi thabiti, mapato yatabaki nyumbani, lakini msafirishaji bado atafidia pengo kila bei ya Ulaya inapopanda juu ya kodi hiyo, na bei ya Ulaya ikishuka chini yake hatarudishiwa tofauti. Ikianzisha vibali katika soko lenye viwanda vichache vikubwa, haitapata wauzaji na wanunuzi wa kutosha kuunda bei yoyote ya kuaminika. Kwa uchumi wa namna hiyo, idadi ya washiriki inapaswa kuchunguzwa kabla ya miteremko ya Weitzman, kwa kuwa fomula yake inachukulia kwamba soko la vibali lipo na linafanya kazi.